Siku 12 ambazo hakuna aliyezisubiri: jinsi ya kusoma muda wa kufika kwa dawa

Wengi wetu tumewahi kusimama mbele ya ubao wa zahanati na kusoma maneno kama haya: "Dawa zikiagizwa, hufika kwa wastani wa siku 12." Mama mwenye mtoto aliyelazwa kwa malaria wiki iliyopita anatikisa kichwa, kwa sababu yeye anajua maboksi yalishushwa siku ya tano. Mzee wa bloku naye anakasirika, kwa sababu anakumbuka msimu wa mvua ambapo dawa mseto ilikwisha na gari halikuonekana kwa zaidi ya wiki tatu. Kila mmoja anadhani mwenzake anasema uongo, au kwamba ubao ndio unaodanganya.

Katika makala hii tutaona kwamba wote wawili wanaweza kuwa wakweli, na hata aliyeandika ubaoni anaweza kuwa amepiga hesabu bila kukosea. Kosa lake ni kupiga wastani kabla ya kuziangalia namba zenyewe. Hili linamgusa kila mkazi, kwa maana kiasi cha dawa kinachowekwa akiba hutokana na hesabu hiyo. Ikikosewa, ama dawa zinajaa ghalani mpaka tarehe zake zinapita, ama zinakwisha wakati mbu wa bonde la Bugarama wamezidi.

Daftari lina nini

Tuchukue mfano. Namba zifuatazo tumezitunga kwa ajili ya somo hili, si za zahanati fulani, ila zina sura ileile ya namba zinazoonekana katika daftari nyingi za kupokelea mzigo. Zahanati imeagiza dawa mseto ya malaria mara 12. Kila mara mhudumu ameandika tarehe ya kutuma agizo na tarehe ya kupokea maboksi, kisha akahesabu siku zilizopita kati ya tarehe hizo mbili. Kwa mfuatano wa maagizo, siku zilikuwa hizi:

5, 6, 4, 7, 5, 64, 6, 5, 8, 6, 23, 5

Ukizijumlisha zote unapata 144. Ukigawanya kwa maagizo 12 unapata 12. Hiyo ndiyo "siku 12" ya ubaoni, na hesabu yake ni sahihi. Lakini rudi utazame mstari ule tena. Je, kuna agizo lolote lililochukua siku 12? Hakuna. Hata la siku 11 au 13 halipo. Maagizo 10 kati ya 12 yalifika ndani ya siku 8, na mawili yaliyobaki yalichelewa mno. Wastani umeangukia mahali patupu katikati ya makundi hayo mawili, hivyo haumwelezi aliyesubiri siku chache wala aliyesubiri sana.

Sababu yake ni rahisi. Katika wastani wa kawaida kila namba huvuta kwa uzito wa ukubwa wake. Fikiri wauzaji sita wa sambaza sokoni Kamembe. Watano wanarudi nyumbani na faranga 3,000 kila mmoja, na wa sita, mwenye mtumbwi wake, anarudi na faranga 45,000. Ukisema wastani wa wauzaji hao ni faranga 10,000, umewatajirisha watano kwa maneno tu. Katika daftari letu, lile agizo moja la 64 peke yake limeongeza karibu siku 5 kwenye wastani wa maagizo yote.

Kwanza panga, kisha tazama

Kabla ya kujumlisha chochote, andika namba upya kuanzia ndogo hadi kubwa:

4, 5, 5, 5, 5, 6, 6, 6, 7, 8, 23, 64

Kazi hii haimalizi dakika mbili, na jicho linaona mara moja. Kutoka 4 hadi 8 namba zimeshikana mikono. Kutoka 8 hadi 23 kuna pengo, na kutoka 23 hadi 64 kuna pengo kubwa zaidi. Namba zilizokaa mbali na wenzake namna hii tutaziita namba zilizojitenga.

Lakini jicho la mtu mmoja si sawa na la mwingine. Mwenye hasira ataona hata 8 imejitenga, na mwenye kuficha mambo ataona 23 ni ya kawaida. Kwa hiyo inafaa kuwa na kipimo ambacho watu wawili wakikitumia watapata jibu moja. Kipimo kinachotumika sana kilienezwa na mtaalamu wa takwimu wa Marekani, John Tukey, katika kitabu chake cha mwaka 1977. Kinahitaji karatasi na kalamu tu, na hatua zake ni hizi.

Gawa orodha iliyopangwa katika nusu mbili. Nusu ya chini ni 4, 5, 5, 5, 5, 6, na katikati yake ni 5. Nusu ya juu ni 6, 6, 7, 8, 23, 64. Katikati yake ni kati ya 7 na 8, yaani 7.5. Toa ile ndogo kwenye kubwa: 7.5 kutoa 5 ni 2.5. Huu ndio upana wa kundi la kawaida, pale nusu ya maagizo inapokaa. Zidisha upana huo kwa moja na nusu, unapata 3.75. Sasa jenga ua pande mbili. Ua wa juu ni 7.5 kujumlisha 3.75, yaani 11.25. Ua wa chini ni 5 kutoa 3.75, yaani 1.25. Namba iliyo nje ya ua inahitaji kuulizwa.

Kwa daftari letu, 23 na 64 ziko nje. Ile 8 iko ndani: ni agizo lililochelewa kidogo, lakini ni la kawaida.

Ua wa chini nao usidharauliwe. Ukikuta agizo lenye siku 0, usifurahie mwendo wa dereva. Mara nyingi maana yake ni kwamba mhudumu alisahau kuandika tarehe ya agizo, akaijaza siku ileile aliyopokea mzigo. Namba kama hiyo inauvuta wastani chini kimyakimya, na hakuna anayelalamika kwa kuwa inapendeza.

Wapo waliosoma takwimu ambao watasema kuna kipimo kingine, cha kupima mtawanyiko kutoka kwenye wastani na kuikataa namba iliyo mbali zaidi ya mara mbili ya mtawanyiko huo. Kwa orodha fupi kipimo hicho kina ugonjwa wake. Katika mfano wetu mtawanyiko ni kama siku 17, kwa hiyo mpaka wa juu unakuwa 12 kujumlisha 34, yaani siku 46. Namba 64 inakamatwa, lakini 23 inapita kama mtu mwema. Ile 64 imevimbisha wastani na mtawanyiko pia, na mwenzake amejificha nyuma yake. Ua wa Tukey hauna udhaifu huo katika mfano huu, kwa sababu umejengwa kwa namba za katikati ambazo 64 haiwezi kuzisogeza.

Namba iliyojitenga iulizwe kwanza

Hapa ndipo wengi hukosea. Wakishaiona namba iliyo nje ya ua, wanaifuta. Namba iliyojitenga inafanana na mgeni aliyebisha hodi usiku: huwezi kumfukuza wala kumkaribisha kabla ya kumuuliza ametoka wapi. Majibu yanayopatikana kwa kawaida ni ya aina mbili, na kila moja lina dawa yake.

Tuanze na 64. Mhudumu anafungua hati ya mzigo iliyobandikwa nyuma ya daftari. Agizo lilitumwa tarehe 3 Juni. Kwenye hati, tarehe ya kupokea imeandikwa 8/6. Huku kwetu tunaandika siku kwanza, kwa hiyo hiyo ni tarehe 8 Juni. Lakini aliyeingiza namba kwenye kompyuta alitumia mashine iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani, ambao huandika mwezi kwanza. Kompyuta ikasoma mwezi wa 8, siku ya 6, yaani tarehe 6 Agosti. Kuanzia 3 Juni hadi 6 Agosti ni siku 64. Kuanzia 3 Juni hadi 8 Juni ni siku 5. Hakuna aliyesubiri miezi miwili. Hili ni kosa la maandishi, na dawa yake ni kusahihisha: futa kwa mstari mmoja ili namba ya zamani iendelee kusomeka, andika 5 pembeni, weka saini na tarehe ya kusahihisha.

Jambo la kujifunza ni kwamba kosa hili huonekana tu pale siku ya mwezi ni 12 au pungufu. Mzigo uliopokelewa tarehe 18/6 usingeleta tatizo hilo, kwa kuwa hakuna mwezi wa 18. Ndiyo maana kosa linatokea mara moja moja na si mara zote, na ndiyo maana ni vyema kuandika jina la mwezi kwa herufi: 8 Juni.

Sasa twende kwa 23. Mhudumu anafungua hati, tarehe ziko sawa. Anamuuliza aliyekuwa zamu, naye anakumbuka: ilikuwa Aprili, katikati ya mvua za masika, na mlima ulishuka kwenye barabara ya msitu wa Nyungwe. Mzigo kutoka Kigali hupita Huye na kuvuka msitu huo kabla ya kushuka Kamembe. Njia ikifungwa, gari hulazimika kusubiri au kuzunguka kwa upande wa Karongi na Nyamasheke. Kwa hiyo siku 23 ni za kweli. Watu walizisubiri. Kuifuta namba hiyo ni kuifuta kumbukumbu ya wiki tatu za wagonjwa.

Basi 64 tumeisahihisha kuwa 5, na 23 inabaki kwenye daftari. Orodha mpya iliyopangwa ni hii:

4, 5, 5, 5, 5, 5, 6, 6, 6, 7, 8, 23

Ukipiga wastani wa kawaida sasa unapata 85 kugawanya kwa 12, yaani siku 7 na kidogo. Ni bora kuliko 12, lakini bado maagizo 10 kati ya 12 yalifika katika siku 7 au kabla yake. Namba moja ya kweli ingali inavuta.

Namba ya kati

Njia ya kwanza ya kueleza muda wa kawaida bila kuvutwa ni kutumia namba ya kati, ambayo wataalamu wa takwimu huiita mediani. Ni namba inayosimama katikati ya orodha iliyopangwa, nusu ya maagizo wakiwa upande mmoja na nusu upande wa pili. Kama idadi ni witiri, kwa mfano 11, unachukua ile ya sita. Kama ni shufwa, kama 12 zetu, unachukua ya sita na ya saba, unazijumlisha na kugawanya kwa mbili. Ya sita ni 5 na ya saba ni 6, kwa hiyo namba ya kati ni siku 5 na nusu.

Uzuri wake ni kwamba haijali namba ya mwisho ni kubwa kiasi gani. Badilisha 23 iwe 40 au 100, namba ya kati haitikisiki. Hata tusingegundua kosa la tarehe, ingekuwa siku 6, badala ya 5 na nusu. Linganisha na wastani wa kawaida, ambao kwa kosa hilohilo uliruka kutoka 7 hadi 12.

Kuna faida nyingine ambayo husahauliwa. Tuseme leo kuna agizo la kumi na tatu ambalo halijafika, na tayari zimepita siku 15. Ukitaka wastani wa kawaida umekwama, kwa sababu hujui namba utakayoiandika. Wengi huliacha nje mpaka lifike, na kwa hiyo ripoti ya mwezi inapendeza kwa sababu tu mzigo mbaya kuliko yote haumo. Kwa namba ya kati hukwami. Unajua kwamba agizo hilo, likifika, litakuwa na siku zaidi ya 15, kwa hiyo liweke upande wa juu wa orodha. Katikati ya maagizo 13 ni lile la saba, nalo ni siku 6. Umepata jibu, na hukulificha agizo lililokwama.

Jambo hili limeonekana hapa hapa Rwanda kwa mizigo ya angani. Tangu Oktoba 2016 ndege ndogo zisizo na rubani za kampuni ya Zipline zilianza kupeleka damu kwenye hospitali kutoka kituo cha Muhanga. Mwaka 2022 mtafiti Marie Paul Nisingizwe na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet Global Health uchambuzi wa maagizo 12,733 ya damu yaliyopelekwa kati ya Machi 2017 na Desemba 2019. Wastani wa muda wa kufika ulikuwa karibu dakika 50. Lakini nusu ya maagizo yalifika katika dakika 41 au pungufu. Namba zote mbili ni sahihi na zinatoka kwenye daftari moja. Tofauti ya dakika 9 hivi inatueleza sura ya daftari: mengi yalifika upesi, na machache yalichukua muda mrefu yakauvuta wastani juu. Hata mahali pasipo na matope wala maporomoko, muda wa mzigo una mkia mrefu upande mmoja tu, kwa sababu hakuna mzigo unaoweza kufika kabla ya kutumwa, lakini kuchelewa hakuna mwisho.

Kwa hiyo ukisoma ripoti yoyote ya muda na kuona wastani ni mkubwa kuliko namba ya kati, jua kwamba kuna wachache waliosubiri mno. Pengo likiwa kubwa, uliza ni akina nani.

Wastani wa kukata ncha

Namba ya kati ina upungufu mmoja. Inasikiliza namba moja au mbili za katikati, na nyingine inazitumia kujua tu ziko upande gani. Kama maagizo ya siku 6 na 7 yote yakianza kuchukua siku 8, hilo ni badiliko la kweli katika huduma, lakini namba ya kati inaweza kusogea kidogo tu au isisogee vya kutosha kukushtua.

Hapo tunatumia njia ya katikati: wastani wa kukata ncha. Unapanga orodha, unakata idadi ileile ya namba kila upande, halafu unapiga wastani wa zilizobaki. Kwa orodha yetu iliyosahihishwa, tukikata moja chini na moja juu, 4 na 23 zinatoka. Zilizobaki ni 10, jumla yake 58, na wastani ni siku 5.8. Hii ni namba inayosikiliza maagizo kumi bila kuburutwa na lile la masika.

Mambo mawili yazingatiwe. La kwanza, kata pande zote mbili kwa idadi sawa. Anayekata juu peke yake hapimi tena, anapamba. La pili, amua utakata ngapi kabla ya kuziona namba, na uandike uamuzi huo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Anayeamua baada ya kuona anaweza kukata mpaka apate jibu analolipenda.

Tena, kisu kiwe kirefu kuliko ugonjwa. Tungetumia orodha ya kwanza yenye 64 na 23 na kukata moja tu kila upande, 64 ingetoka lakini 23 ingebaki, na jibu lingekuwa siku 7.6. Tungekata mbili kila upande, jibu lingekuwa siku 6. Kwa orodha ya maagizo 12 kukata moja au mbili kila upande kunafaa. Ukiwa na maagizo 5 au 6 tu, usijisumbue na kukata. Tumia namba ya kati, na useme wazi kwamba maagizo yalikuwa machache.

Lini namba hizi zinadanganya

Tuseme katika maagizo 12, matano yangekuwa na siku 18, 20, 21, 23 na 25. Je, hayo yote yamejitenga? Hapana. Hilo ni kundi la pili. Namba ya kati ingekaa bado kwenye kundi la kwanza na kusema kila kitu ni shwari, huku karibu nusu ya maagizo yakichelewa wiki tatu. Ukiona kundi la pili, gawa daftari: masika ya Machi hadi Mei peke yake, vuli ya Septemba hadi Desemba peke yake, na miezi ya kiangazi peke yake. Piga hesabu ya kila kipindi. Mara nyingi utakuta kila kundi lina muda wake wa kawaida.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye kupanga akiba. Tuseme zahanati inatumia dozi 20 za dawa mseto kwa siku. Mtu aliyeelewa nusu ya makala hii atasema: "Muda wa kawaida ni siku 5 na nusu, basi tuagize tena zikibaki dozi 110." Huyo ataiumiza kambi. Namba ya kati maana yake ni kwamba nusu ya maagizo huchukua muda mrefu kuliko huo. Akiagiza kwa namba ya kati, mara moja kati ya mbili dawa zitakwisha kabla gari halijafika.

Namba ya kati inajibu swali "kwa kawaida inachukua muda gani?" Akiba inajibu swali lingine: "tukae na ngapi ili tusikwame?" Kwa swali hili tazama upande wa juu wa orodha. Maagizo 11 kati ya 12 yalifika ndani ya siku 8. Siku 8 kwa dozi 20 ni dozi 160. Ukiagiza zinapobaki 160, umejikinga dhidi ya yote isipokuwa lile la masika.

Na lile la masika je? Siku 23 zingehitaji dozi 460. Kukaa na nyingi kiasi hicho mwaka mzima kwa ajili ya agizo moja ni kufunga fedha, kujaza chumba chenye joto na kusogeza dawa karibu na tarehe yake ya mwisho. Njia nzuri ni kuongeza akiba kabla ya Machi, na kukubaliana mapema na hospitali ya wilaya ya Gihundwe au ya Mibilizi jinsi ya kuazima barabara ikikatika. Na ona sasa ile namba ya ubaoni, siku 12, ingefanya nini: dozi 240. Kwa miezi ya kawaida ni nyingi mno, na mlima ukishuka hazifiki hata siku ya kumi na tatu.

Mahali pamoja wastani wa kawaida unabaki bora: pale unapotaka jumla. Kama unalipa mlinzi wa ghala au mafuta ya gari kwa siku, siku 23 zinalipwa zote, na bajeti lazima izihesabu. Usikate ncha kwenye fedha.

Maswali ya kuuliza kwenye mkutano

Ndugu wajumbe wa kamati ya afya na viongozi wa bloku, mkisomewa muda wa kufika kwa dawa au maji, ulizeni maswali haya. Maagizo yalikuwa mangapi, na mangapi hayajafika mpaka leo? Namba ya kati ni ipi, na wastani ni upi? Agizo lililochelewa kuliko yote lilichukua siku ngapi, na lilichelewa kwa sababu gani?

Na ubao uandikwe upya. Kwa mfano wetu maneno yangekuwa haya: "Maagizo 12. Muda wa kawaida siku 5 hadi 6. Maagizo 11 yalifika ndani ya siku 8. Moja lilichukua siku 23, Aprili, barabara ya Nyungwe ilifungwa." Mama wa mtoto ataona siku zake 5, mzee wa bloku ataona wiki zake tatu, na hakuna hata mmoja atakayeitwa mwongo.